Ripoti inasema asilimia 81, nami niliandika mwenyewe

*Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa nne hapa Mombasa. Nimepewa barua nifike mbele ya kamati ya uadilifu wa kitaaluma Jumanne ijayo kwa sababu mradi wangu, unaohusu mikopo ya wauza mitumba wa Kongowea, umeonyesha mfanano wa asilimia 81. Wallahi niliuandika mwenyewe. Wiki tatu kabla ya kuwasilisha nilipeleka rasimu saiba moja Tudor, wakaipitisha kwa Turnitin kwa shilingi 300, ikatoka asilimia 14. Sasa mwenzangu ananiambia niombe msamaha yaishe, mwingine ananiambia niende na wakili. Nijitayarishe vipi?*

Marahaba mwanangu. Kabla ya msamaha na kabla ya wakili, nenda saiba. Nenda leo, kabla kijana aliyekuhudumia hajasafisha kompyuta yake, umwombe faili lenyewe la PDF la ile ripoti ya asilimia 14. Usikubali picha ya skrini wala karatasi iliyochapishwa. Nitakueleza kwa nini, maana naamini zile shilingi 300 ndizo zilizokuletea barua.

Turnitin haijui wizi ni nini. Kazi yake ni kulinganisha maneno yako na hazina tatu: kurasa za mtandaoni, majarida na vitabu, na kazi za wanafunzi zilizowahi kupitishwa humo. Hiyo ya tatu ndiyo yenye kisa. Anayefungua sehemu ya kuwasilishia kazi huchagua kama kila kinachoingia kihifadhiwe hazinani au kisihifadhiwe. Mwalimu mwangalifu akitaka kuangalia rasimu tu huchagua isihifadhiwe. Watu wa saiba wengi hutumia akaunti ya chuo fulani, pengine cha nchi nyingine, waliyoipata kwa njia wanazozijua wao, na hawashughuliki na chaguo hilo. Rasimu yako ikiingia hivyo hubaki mle kama kazi ya mwanafunzi wa chuo hicho, huenda kwa jina usilolijua. Wiki tatu baadaye chuo chako kinapopitisha mradi wako, mashine inaukuta mradi wenyewe umeshalala hazinani, na inasema ilichokiona.

Ombi la kwanza kwa kamati, basi, ni ripoti kamili, yenye rangi na orodha ya vyanzo, kwa maandishi na kabla ya Jumanne. Barua iliyotaja asilimia peke yake haijakueleza unashtakiwa kwa kunakili nini. Ukiipata, tazama chanzo cha kwanza. Kama ni kimoja kikubwa mno, tuseme asilimia 70 na kitu, na chini yake pameandikwa `Student Paper` pamoja na `Submitted to` na jina la chuo usichowahi kukanyaga, dhana yangu imesimama. Kama badala yake kuna vyanzo thelathini vidogo, au kimoja kikubwa ambacho ni makala ya jarida, basi hadithi ya saiba haitakusaidia, na usiende kuisimulia.

Hapa kuna mtego ambao nimeuona ukimwangusha mwanafunzi mwenye haki. Niliwahi kukaa katika kamati, kwenye chuo nisichokitaja, iliyomwita msichana mwenye kisa kama chako. Mradi wake ulikuwa na maneno 8,000, mfanano asilimia 84, na chanzo cha kwanza, kazi ya mwanafunzi, asilimia 77. Alikuja na hesabu yake tayari: 84 toa 77, inabaki 7, na 7 si kitu. Mwalimu mmoja akaifungua ripoti mbele yetu, akakiondoa kile chanzo kikubwa, ikajipiga upya. Ikasoma 19. Binti akapigwa na butwaa, na baadhi yetu wakamtazama kama mtu aliyeshikwa akidanganya.

Hakudanganya. Katika muhtasari wa ripoti, sentensi moja ikifanana na vyanzo viwili huhesabiwa kwa kile kikubwa tu. Rasimu yake ilikuwa na sentensi zote, pamoja na zile zilizofanana na majarida, kwa hiyo rasimu ikavimeza vyanzo vyote vilivyokuwa chini yake. Ukiiondoa, vilivyofunikwa vinaibuka. Basi usitoe hesabu ya kutoa mbele ya watu. Iombe kamati yenyewe iondoe chanzo hicho na ipige ripoti upya, nawe ujiandae kukutana na namba iliyo karibu na ile 14 ya saiba, au juu kidogo kwa sababu umeongeza maandishi tangu hapo. Ombi hilo liandike katika barua ile ile ya kuomba ripoti, ili wasije wakalifanya kwa mara ya kwanza mbele yako.

Sasa tubaki na ile 19 ya msichana, maana shauri lilipata sura yake pale. Asilimia 19 ya maneno 8,000 ni maneno 1,520. Sehemu kubwa ilikuwa takataka: orodha ya marejeleo, ukurasa wa tamko, hojaji ya mwisho wa mradi, na misemo ya kiutafiti ambayo kila mtu huiandika vile vile. Hayo huweza kuondolewa kwa chujio za ripoti yenyewe, nawe unaweza kuomba ziwashwe. Lakini palikuwa na makala moja ya jarida yenye asilimia 5, na hiyo ni maneno 400, yaliyofuatana katika Sura ya Pili. Maneno 400 ni zaidi ya nusu ukurasa. Asilimia 5 iliyotawanyika katika vyanzo hamsini haimsumbui mtu. Ikikaa pamoja, kutoka mahali pamoja, kwa mpangilio ule ule wa hoja, huyo ni mtu aliyekuwa na makala imefunguliwa upande wa pili wa skrini.

Naye jina la mwandishi alikuwa amelitaja mwishoni mwa kila aya, na akaamini hiyo inatosha. Wengi huamini hivyo. Nikupe mfano wa Kiswahili, ingawa najua mradi wako uko kwa Kiingereza. Makala inasema: "Wafanyabiashara wadogo wengi hukosa mikopo ya benki kwa sababu hawana dhamana ya kutosha wala kumbukumbu za mauzo." Mwanafunzi anaandika: "Wachuuzi wengi hukosa mikopo ya benki kwa kuwa hawana dhamana ya kutosha wala rekodi za mauzo," kisha jina na mwaka. Amebadilisha nguo tu, mwili ni ule ule. Jina linamwambia msomaji wazo limetoka wapi. Halimwambii kwamba hata sentensi imetoka huko. Kwa hilo zinahitajika alama za kunukuu, au uifunge makala, usimulie kwa maneno yako ulichokielewa. Ukiwa na aya za namna hii katika Sura ya Pili, zitafute wewe mwenyewe wikendi hii kabla hawajakuonyesha wao.

Kwa hiyo una mambo mawili, na usiyachanganye. La kwanza ni shtaka kwamba mradi mzima si wako. Likiwa si kweli, likatae waziwazi, bila kuomba msamaha hata nusu. Huyo mwenzako anayesema "omba msamaha yaishe" hajui kwamba msamaha huandikwa katika kumbukumbu za kikao kama kukiri, na ukishakiri kwamba mradi si wako huna cha kukatia rufaa. La pili ni zile aya, kama zipo. Hizo zikubali kwa namba ya ukurasa. Kanuni nyingi hazijali kama ulikusudia. Nia huangaliwa wakati wa kupima adhabu, na anayetaja kosa lake kabla hajaulizwa hupimwa kwa mizani nyingine. Yule msichana alifanya hivyo siku ya pili ya kikao. Shtaka kubwa likaondolewa, akapunguziwa alama na kuambiwa aandike Sura ya Pili upya.

Lipo na la tatu, dogo, lakini nitakuwa sikutendei haki nikilificha. Huenda kanuni za chuo chako zinakataza kupitisha kazi kwenye akaunti ya mtu mwingine. Isome kanuni yenyewe kabla ya Jumanne. Hata kama ni kosa, liseme. Bila saiba huna maelezo ya ile asilimia 70 na kitu, na kosa la kupeleka rasimu kwenye akaunti isiyo yako liko mbali sana na kosa la kuwasilisha mradi wa mtu.

Turudi kwenye lile faili la PDF. Ripoti ya Turnitin ikipakuliwa, kurasa zake za mwanzo hubeba `Submission ID`, `Submission date`, jina la faili, `Word count` na `Character count`. Kamati haiwezi kuifungua kazi iliyo hazinani hivi hivi. Mwalimu wako anaweza kutuma ombi kupitia mfumo kwa mwenye darasa ambalo kazi iliwasilishwa, na mwenye darasa akinyamaza, basi. Kwa akaunti ya saiba, usitegemee kwamba kuna mtu mwema atakayejibu. Lakini PDF ikionyesha rasimu yenye jina la faili lako, idadi ya maneno yako, tarehe ya siku uliyolipa, na chuo kile kile kinachotajwa kwenye ripoti ya kamati, duara limefunga. Ambatanisha ujumbe wa M-Pesa wa shilingi 300, na kama rasimu uliituma saiba kwa baruapepe au WhatsApp, usiufute ujumbe huo. Kiambatisho chake ndicho kilichoingia mle.

Usimwombe kijana wa saiba aifute kazi hazinani. Yeye hana uwezo huo, kufuta hupitia kwa wasimamizi wa chuo chenye akaunti, na hata ingewezekana ungekuwa unafuta ushahidi wako mwenyewe. Usimwombe pia akuandikie barua yenye mhuri. Nimeziona, na kamati huzicheka.

Hata hivyo, PDF peke yake inathibitisha kwamba rasimu ilipita saiba. Haithibitishi kwamba ni wewe uliyeiandika. Mtu mwenye shaka atasema: pengine uliinunua rasimu, halafu ukaipeleka kuikagua. Hapo kinachoamua ni nani alikuwa na maandishi hayo mwanzo. Tafuta baruapepe za zamani ulizomtumia msimamizi wako. Sura ya Kwanza aliyoipokea miezi minne kabla ya siku ya saiba, akairudisha na masahihisho, ina uzito kuliko kiapo chochote, kwa sababu nakala iko kwake na huwezi kurudi nyuma kuibadilisha. Kama uliandika kwenye Google Docs, fungua `File`, kisha `Version history`, kisha `See version history`, uone sura zikikua siku hadi siku. Kikao kikiwa na skrini, omba uionyeshe moja kwa moja.

Kama uliandika kwenye Word, kuwa mwangalifu. Nakili faili za zamani kwenye flashi, uache zile za asili bila kuzifungua na kuzihifadhi tena, maana tarehe ya mwisho hubadilika. `Total Editing Time` usiitegemee. Inahesabu muda faili lilipokuwa wazi, hata kama ulikuwa umelala. Na tazama `Author` inasoma nini. Kama ulianza kuchapa kwenye kompyuta ya saiba au ya binamu yako, litaonekana jina la mwenye kompyuta, na mjumbe mmoja wa kamati atadhani ndiye aliyekuandikia. Ni jambo la kawaida kabisa mjini hapa, ila lieleze wewe kabla ya kuulizwa.

Kisha beba hojaji zako. Zote, kwenye mfuko wa sandarusi ukipenda. Nakumbuka kijana aliyeweka mezani rundo la hojaji zilizokunjika kwa jasho, nyingine ina doa la chai, moja muuzaji ameandika nyuma yake hesabu ya marobota yake kwa kalamu ya wino mwekundu. Mwenyekiti aliinua ile ya hesabu, akaisoma, akauliza muuzaji huyo alikuwa sehemu gani ya soko. Kijana akaeleza kibanda, njia, na jinsi alivyofukuzwa mara ya kwanza kwa kudhaniwa mtu wa kanjo. Baada ya hapo kikao kilibadilika.

Maana kamati, mwanangu, itakuuliza juu ya mradi wenyewe. Uliwachagua wauzaji wangapi, na kwa nini hao? Jedwali hili ulilipataje? Nani alikataa kujibu? Neno hili ulilolitumia ukurasa wa 23 lina maana gani? Hilo la mwisho huwanasa hata waandishi wa kweli, kwa sababu umelisahau au ulilichukua kwa msimamizi. Usome mradi wako wote mara mbili kama vile ni wa mtu mwingine, ukipiga mstari chini ya kila neno usiloweza kulieleza. Na kama kikao kitaendeshwa kwa Kiingereza, jizoeze kuueleza kwa Kiingereza, kwa sauti, mbele ya mtu. Wanafunzi wetu wengi huijua kazi yao vizuri kwa Kiswahili, halafu kigugumizi cha lugha kinasomwa kama kigugumizi cha mwongo.

Maelezo yako ya mwanzo yasizidi ukurasa mmoja, na yafuate tarehe: lini uliandika nini, lini msimamizi aliona nini, lini ulikwenda saiba, lini ulibadilisha sura zipi, lini uliwasilisha. Kila tarehe na karatasi yake, zimepewa namba. Hayo mabadiliko ya baada ya saiba yataje hasa, kwa sababu yanaeleza kwa nini mfanano ni 81 na si 100: asilimia 19 zilizobaki ndizo ulizoandika au kuandika upya katika wiki tatu za mwisho. Linganisha rasimu na mradi, uone kama kweli zinaangukia hapo. Zikiangukia hapo, umepata hoja ambayo mnunuzi wa mradi hangekuwa nayo.

Kuhusu wakili. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya uamuzi wa kiutawala ulio halali, wa busara na uliofuata utaratibu wa haki, na sheria ya mwaka 2015 ya utendaji haki wa kiutawala inakifafanua: upewe notisi ya kutosha, uonyeshwe ushahidi utakaotumiwa, usikilizwe, uweze kuwauliza maswali wanaotoa ushahidi dhidi yako, na uombe kuahirishwa pale inapohitajika ili usikilizwe kwa haki. Unaweza pia kufuatana na mtaalamu unayemchagua. Uwakilishi wa wakili ni pale unapohusika, na kanuni za vyuo hutofautiana. Kwa kikao cha kwanza, mimi ningemchukua mtu anayeijua ripoti ya Turnitin kuliko anayejua kupaza sauti. Kikao kikianza kwa ugomvi wa kisheria, wajumbe hujikunyata na kusoma kanuni neno kwa neno, na hapo huna rafiki. Lakini kama barua inataja kufukuzwa au kunyimwa shahada, au wamekataa kukupa ripoti, muone wakili kabla ya Jumanne, ana kwa ana, na barua mkononi. Kituo cha Sheria kina ofisi hapa Mombasa na huwasaidia wasio na uwezo.

Ombi la ripoti liandike hivi, fupi: "Naomba nakala kamili ya ripoti ya mfanano pamoja na ushahidi mwingine utakaotumiwa. Naomba pia chanzo cha kwanza kiondolewe na ripoti ipigwe upya. Nisipoipata siku mbili kabla ya kikao, naomba kikao kiahirishwe ili nijitayarishe." Lipeleke ofisini mwenyewe, upigiwe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na ulitume tena kwa baruapepe.

Msimamizi wako mwone kesho, hata kama unamwogopa. Usimwombe akutetee; mwombe athibitishe tarehe alizopokea sura zako. Na kama usiku hulali na chakula hakipiti, ofisi ya mkuu wa wanafunzi huwa na mshauri, nenda na mama au dada yako.

Uamuzi ukitoka, uombe kwa maandishi pamoja na sababu zake, uangalie siku ya mwisho ya rufaa. Huhesabiwa kwa siku chache, na mahakama itakuuliza kwanza kama ulimaliza rufaa za ndani ya chuo. Ripoti ukiipata kabla ya Jumanne, nitumie ule ukurasa wa vyanzo, tuutazame pamoja.